Gemu ya kuzidisha ya Scratch: mtoto aandike jibu au abonyeze?

mama_klabu_mld: Habari zenu jamani. Hapa Malindi nasimamia vijana wa sekondari, wanawatengenezea watoto wa gredi ya nne gemu ya kuzidisha. Kundi moja wameweka ask and wait, mtoto anaandika jibu. La pili wameweka majibu matatu, anabonyeza moja. Wadogo wanaing'ang'ania hiyo ya kubonyeza, nichukue ipi?

pwani_boi: Kubonyeza bila shaka. Kwa simu kibodi inafunika skrini, halafu ask and wait inasimamisha gemu nzima kwa hivyo saa hamtaweza kuweka.

fundi_lamu: La kibodi ni kweli, la saa sivyo kaka. Inasimama ile skripti yake peke yake, saa ipe skripti yake pembeni:

```
when green flag clicked
set [saa] to 60
repeat (60)
  wait (1) seconds
  change [saa] by -1
end
stop [all]
```

stop all inaondoa na kile kisanduku cha jibu, muda ukiisha hakuna kuandika tena. Sasa mama, hiyo ya kubonyeza angalia majibu ya uongo yanatoka wapi. Swali likiwa 7 x 8 na mtoto anaona 12, 56, 91, atapata bila kujua chochote. Waambie vijana watumie makosa ambayo watoto hukosea kweli, a x (b-1) na (a+1) x b, hapo anaona 49, 56, 64 na itabidi ajue. Wasitumie a+b, siku swali likija 2 x 2 jibu la uongo nalo ni 4.

kijana_wa_barani: mimi yangu inasema umekosa hata nikijibu sawa, nimeangalia hesabu iko poa kabisa sijui shida ni nini

fundi_lamu: Umeweka pick random ndani ya swali halafu ukaiweka tena kwenye if, sivyo? Basi inabahatisha upya, unaulizwa 3 x 4 yenyewe inasahihisha 9 x 6. Namba zihifadhi kwanza kwenye variabo a na b, swali na if zote zisome hapo.

kijana_wa_barani: eeh ndo hivyo aisee 😅

mama_klabu_mld: Nimewauliza vijana, majibu ya uongo ni pick random 1 to 100. Na lile la sawa liko katikati kila mara! Ndio maana wadogo wanashinda haraka vile.

pwani_boi: haha wameshajua wapi pa kubonyeza. Lakini hata mkirekebisha mimi nabaki na kubonyeza, mtoto wa gredi ya nne akitafuta 5 na 6 kwenye kibodi hapo unapima vidole si hesabu

fundi_lamu: Kwa wale wanaoanza sawa. Mimi kundi la kuandika nisingelivunja, akiandika 56 mwenyewe hakuna pa kubahatisha. Mama, hao wadogo wanachezea kompyuta au simu?

mama_klabu_mld: Klabu ni laptopu, nyumbani simu ya mzazi.