Naomba ushauri: grafu ya ruta inaonyesha kilele cha usiku, lakini kifaa husika hakionekani

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada wa wenye uzoefu na ruta za MikroTik.

Nasimamia mtandao wa nyumba ya wageni hapa Moshi. Nimewasha Graphing kwenye ether1, mlango unaopokea intaneti, na grafu ya siku huchora wastani wa kila dakika 5. Kilele cha jioni nakielewa, kwani wageni walioshuka mlimani hupandisha picha zao. Kinachonisumbua ni kile cha saa nane usiku: mstari wa Out, yaani data inayotoka kwenda nje, hupanda hadi Mb 8 kwa sekunde na kubaki hapo karibu saa nzima, ilhali In haisogei. Saa ya ruta nimeihakiki, iko sahihi.

Torch ingenionyesha anwani inayohusika, ila inaonyesha yanayopita wakati huohuo tu, nami siwezi kukesha. Kwa hiyo nilikipa kila kifaa cha nyumba anwani ya kudumu, zikiwemo kamera na kompyuta ya mapokezi, nikakifungulia foleni yake kwenye Simple Queues na kuwasha grafu zake. Ajabu ni kwamba zote zimelala karibu na sifuri, hata jioni.

Je, inawezekana kanuni ya fasttrack kwenye faya-woli ndiyo inayopitisha data pembeni ya foleni? Na nikiizima, ruta ndogo ya hAP lite itahimili laini ya Mb 20?