AB ya karibu kwenye piano: iachwe kwa sababu ya mono, au tunaionea?

Kinasa_Sauti:
Wakuu, hii ni piano ya kulala, kifuniko kimefunguliwa chote. Maiki mbili za pande zote ziko juu ya nyuzi karibu na nyundo, zimeachana sentimita 60, kimo sentimita 25. Kwenye hedifoni sauti ni pana na tamu. Kwenye spika moja ya simu noti nyingine zinafifia na nyingine zinaruka. Je, AB ya namna hii, yaani maiki mbili zilizoachana, iachwe kabisa kwa kazi zitakazosikilizwa kwenye simu, tuhamie XY, maiki mbili zilizokaa sehemu moja zikitazama pande tofauti?

Besi_Nzito:
Usiache kitu mkuu. Kwanza bonyeza kitufe cha Ø, kinachopindua wimbi, kwenye traki moja, inawezekana waya umegeuzwa. Kama si hivyo, vuta traki moja kwenye programu hadi mawimbi yalingane, fezi imekwisha. Na ile kanuni ya tatu kwa moja hukuifuata: kimo 25, maiki ziachane 75. Kosa si la AB.

Nyuzi_Tatu:
Ø ni hatua nzuri ya kuanzia, ila inatibu ugonjwa mwingine. Waya ukigeuzwa, besi yote inanyong'onyea mara tu unapobonyeza mono, kwa noti zote za chini. Alichoeleza Kinasa ni noti moja moja kutofautiana. Huko ni kuchelewa, na kila noti inachelewa kwa kiasi chake.

Tuchukue vipimo vyake. Tuseme maiki ya kushoto iko juu ya C iliyo oktava moja chini ya C ya kati. G inayofuata iko kama sentimita 10 kulia kwake. Kutoka hapo hadi maiki ya kushoto ni sentimita 27, hadi ya kulia ni 56. Tofauti ni sentimita 29, yaani sauti inafika kulia ikiwa imechelewa milisekunde 0.85 hivi. Ukijumlisha maiki mbili, masafa yanayopinduka nusu wimbi ndani ya muda huo yanakatana, yaani yanafutana, na hapa ni karibu na hezi 590. G hiyo ni hezi 196, harimoniki yake ya tatu ni 588. Imeingia shimoni moja kwa moja. Kwa kuwa maiki ya mbali inapokea wimbi lenye ukubwa wa kama nusu ya lile la maiki ya karibu, harimoniki hiyo inashuka desibeli 6 hivi ukilinganisha na maiki ya karibu peke yake, huku ya sita ikipanda zaidi ya 3.

Sasa sogea hadi D iliyo juu kidogo ya C ya kati, sentimita 20 kutoka maiki ya kushoto. Tofauti ya njia imepungua hadi sentimita 15, shimo limehamia hezi 1130, na safari hii harimoniki ya nne ndiyo inayoumia, kama desibeli 9. Noti zilizo katikati kabisa ya maiki mbili hazipotezi chochote cha maana. Ndiyo maana mpigaji akipanda skeli kwa nguvu ileile, kwenye mono unasikia kila noti imevaa rangi yake.

Kuvuta traki sasa. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, ukichelewesha traki ya kushoto sampuli 41, ile G inalingana vizuri kabisa. Lakini noti iliyo sentimita 10 ndani ya maiki ya kulia ilikuwa na kasoro hiyohiyo kwa upande wa pili, na sasa tofauti yake imekuwa mara mbili, sampuli 82. Umeponya mkono wa kushoto kwa kuuvunja wa kulia.

Besi_Nzito:
Sawa dada, kuvuta traki nakubali. Ila tatu kwa moja unaikwepa. Na hata ukibana pani, badala ya kushoto kabisa na kulia kabisa ukaweka nusu nusu, mono inatulia.

Nyuzi_Tatu:
Tatu kwa moja ni ya vyombo viwili, kila kimoja na maiki yake, na kazi yake ni kupunguza nguvu ya sauti inayovuja kwenda kwa jirani. Piano ni chombo kimoja kirefu ambacho kila sehemu yake inasikika na maiki zote mbili. Ukiachanisha 75, noti iliyo chini kabisa ya maiki moja itapata nafuu, kwa sababu maiki ya pili imekuwa mbali na dhaifu. Noti za kati ya hapo na katikati bado zina tatizo, na mashimo yameshuka chini zaidi. Shimo la chini kabisa linaloweza kutokea liko pale umbali kati ya maiki unapokuwa nusu ya urefu wa wimbi: kwa sentimita 60 ni hezi 286, kwa 30 ni hezi 570, kwa 17 ni kama 1000.

Pani nusu nusu haibadilishi mono hata kidogo. Kushoto na kulia vikijumlishwa unarudi palepale. Tena umechukua mkatano uliokuwa kwenye mono tu ukauingiza ndani ya stirio.

Kinachosaidia kidogo ni kushusha maiki moja desibeli 6. Mashimo mengi yanapungua kina, ingawa piano inaegemea upande mmoja na noti zilizo karibu na maiki uliyoshusha huenda zikazidi kuharibika, maana sasa nguvu zinakaribia kulingana.

Chumba_Kikubwa:
Hesabu za Nyuzi_Tatu ni sahihi kwa nukta moja inayotoa sauti, na piano si nukta. Mlio wa nyundo unatoka pale nyundo inapogonga, lakini mwili wa noti unatoka kwenye ubao wa sauti, eneo pana, na noti za besi zinatikisa sehemu kubwa yake. Kwa hiyo mashimo halisi yanafutikafutika, hayako makali kama kwenye karatasi.

Halafu XY imetajwa bila kutaja bei yake. Weka XY juu ya katikati kwa kimo hichohicho cha 25. Noti za katikati ziko sentimita 25 kutoka maiki, za pembeni, sentimita 60 kando, ziko 65. Hiyo ni tofauti ya desibeli 8. Utapata piano inayopiga kelele katikati na kunong'ona pembeni, na hilo linasikika kwa anayesikiliza stirio na anayesikiliza mono, wote. Zaidi ya hapo, maiki za kadioidi, zinazosikia zaidi upande wa mbele, zikiwa karibu namna hiyo huvimbisha besi ya noti za karibu.

Nyuzi_Tatu:
Hapo nakubaliana nawe kabisa, XY haifai kimo cha 25. Ipandishe hadi 50 na ile 8 inakuwa kama 4. Na kuna jambo linalosahaulika: maiki zikipangwa moja juu ya nyingine huku piano iko chini yake, zinakuwa haziko sehemu moja kwa sauti inayotoka chini. Maiki hizo mbili zielekee nyuzi, na ule mpangilio wa moja nyuma ya nyingine ufuate urefu wa nyuzi, usifuate upana wa kibodi. Sentimita 2 tu za tofauti zinatosha kuchimba shimo karibu na hezi 8600, na mlio wa nyundo unapoteza ncha.

Kama mono ndiyo hofu kuu, M/S, yaani maiki M ya katikati na S ya pembeni, ndiyo inayotoa dhamana, kwa sababu hesabu yenyewe inafuta upande:

```
L = M + S
R = M - S
L + R = 2M
```

Msikilizaji wa simu anapata maiki ya katikati peke yake, safi. Sikiliza hiyo M peke yake kabla ya kurekodi. Ikiwa haikuridhishi, hakuna S itakayomwokoa mtu wa mono. Na ujue chumba kilichokuwa kwenye S kitaondoka nayo, piano itasikika kavu zaidi.

Chumba_Kikubwa:
Na mimi sishabikii AB ya juu ya nyundo. Nasema toa maiki nje. Umbali wa mita 2 kutoka upande uliofunguka, maiki za pande zote zimeachana 50. Sauti inayotoka sentimita 70 kando ya katikati ina tofauti ya njia ya sentimita 16 tu, shimo liko karibu na hezi 1000. Inayotoka 20 kando iko juu ya 3000. Noti nyingi sauti yake ya msingi haiguswi.

Nyuzi_Tatu:
Ila ukiwa mita 2, maiki zote mbili zinapokea nguvu karibu sawa, kwa hiyo shimo likitokea ni refu zaidi. Katika chumba kizuri mwangwi unalijaza. Katika chumba kidogo chenye mapazia kila mahali halijazwi. Ukitaka kubaki nje, ORTF, kadioidi mbili zilizoachana sentimita 17 kwa pembe ya digrii 110, inapeleka shimo la sauti hiyohiyo ya 70 kando hadi karibu na hezi 3000, na kwa kuwa maiki zinatazama pembeni nguvu hazilingani, shimo haliwi tupu.

Chumba_Kikubwa:
Na unapoteza besi ya chini ambayo maiki za pande zote zinaichukua bila jasho. Kwa piano hilo si dogo. Sikubali kumnyima mwenye hedifoni oktava ya chini kwa ajili ya spika ya simu ambayo oktava hiyo haiitoi kabisa.

Kinasa_Sauti:
Mita ya fezi kwenye programu inaonyesha +0.4 muda wote. Nilidhani juu ya sifuri ni salama.

Nyuzi_Tatu:
Mita hiyo inakupa wastani wa kila kitu kinacholia. +0.4 inakuambia waya haujageuzwa, haikuambii harimoniki ya tatu ya G imezama. Mpigaji apande nusu toni moja moja kutoka chini hadi juu, polepole, nguvu ileile, bila pedali. Cheza mono kwenye spika moja, kisha cheza maiki moja peke yake kwa kiwango kilekile cha sauti. Noti zinazobadilika rangi kwenye jumla lakini si kwenye maiki moja ndizo za kuandika. Kisha sogeza maiki hadi 30 na urudie. Pembe za kibodi zitafifia kidogo, pandisha kimo hadi 35 kulipia.

Tumaini_K:
Samahani, mimi nina piano ya kusimama, imeegemea ukuta. Niweke XY nyuma, kwenye ubao wa sauti?

Chumba_Kikubwa:
Usiweke maiki kwenye upenyo huo. Maiki ikiwa sentimita 15 kutoka ukutani, sauti inayogonga ukuta inairudia ikiwa imesafiri sentimita 30 zaidi, na shimo la hezi 570 linapatikana kwa maiki moja, kabla hata hujafikiria stirio. Vuta piano mita moja au zaidi kutoka ukutani. Au ondoa ubao wa mbele, XY ikae nyuma ya bega la mpigaji, sentimita 60 hivi kutoka kwenye nyundo.