Nyie wa "weka Screen imeisha", mmewahi kuprinti hata siku moja?

Mzee_wa_Lenzi:
Wakuu nina hasira sijui hata nianzie wapi. Kuna mteja wangu anapandisha wageni mlimani, kaja kwangu hapa Moshi anataka bango la ofisini, ile dabo ekspoja, kichwa chake cha ubavuni kimejaa miti. Nikampiga mbele ya ukuta mweupe mwanga ukitokea nyuma yake, abaki kivuli. Kesho yake alfajiri nikaenda Msitu wa Rau, nikainua kamera juu, matawi ya mivule na anga jeupe, picha kali aisee. Nikarudi nikafuata video moja ya Photoshop mtandaoni, jamaa anasema leya ya mtu chini, ya msitu juu, geuza iwe Screen, imeisha. Kwenye laptopu ikatoka safi kabisa nikajiona fundi.

Bango limetoka kwa waprintaji, nyuma ya mteja ukuta wote una vivuli vya miti kama nyumba iliyoota ukungu, halafu yeye mwenyewe yuko kijivu, msitu umepauka. Kaliangalia weee, ananiambia "kaka, hii karatasi ilishatumika?" Elfu thelathini yangu imeenda. Walimu wa video mnaficha nini?

KijanaWaNjiro:
Pole mkuu ila umekosea mode, Screen ni ya moto na moshi. Weka Multiply, ile ndo inafuta weupe.

Mzee_wa_Lenzi:
Nimejaribu sasa hivi. Mtu kawa mweusi tii, msitu wote umehamia ukutani. Asante sana kwa kunimaliza.

BibiPikseli:
Hahaha kijana yuko sawa nusu, Multiply inafuta weupe wa ile leya ya juu, ila juu ya mwili mweusi kila kitu kinazidi kuwa cheusi. Screen ndiyo yenyewe mdogo wangu, shida ni picha yako ya chini. Screen haijui ukuta ni upi na mtu ni yupi, inaangalia mwanga tu. Penye weupe kamili msitu hauonekani hata chembe, penye weusi kamili unaonekana wote, katikati hapo vinachanganyika. Fungua Info, peleka kishale ukutani, halafu shavuni, uniambie namba.

Mzee_wa_Lenzi:
Ukuta 240. Shavu 90.

BibiPikseli:
Basi umejijibu. 240 kwenye laptopu macho yanaona nyeupe, lakini siyo 255 ambayo ndiyo nyeupe kamili. Juu yake penye shina jeusi inabaki 240, penye anga inapanda 255, hiyo tofauti ndogo ndiyo mashina uliyoyaona kwenye bango, printa imeweka wino pale ambapo jicho lako halikuona kitu. Na shavu likiwa 90, sehemu nyeusi kuliko zote ya msitu haiwezi kushuka chini ya 90, ndo maana umepauka.

Weka leya ya Levels juu ya mtu lakini CHINI ya msitu, ukiiweka juu ya vyote utauharibu na msitu. Shika Alt ukivuta kitelezi cheupe, skrini itakuwa nyeusi na palipofika weupe kamili patawaka. Vuta mpaka ukuta wote uwake halafu acha. Cheusi nacho vuta mpaka shavu lifike kama 15. Usifike 0 ukiwa unataka sikio lionekane kidogo.

Dada_Kanga:
Samahani, mimi picha yangu ya pasipoti ina ukuta wa bluu, hii Levels itaufanya mweupe?

KijanaWaNjiro:
Dada anzisha uzi wako 😂

Mzee_wa_Lenzi:
BibiPikseli ukuta umekuwa mweupe kweli na mivule imekolea, nimekaa naiangalia tu. ILA jamaa ana afro, zile nywele nyembamba za pembeni zimeliwa na weupe wote, kichwa kimekuwa kama kofia ya pikipiki.

BibiPikseli:
Eeh hapo Levels imezidi. Levels ina maski yake, ibofye hiyo maski kwanza, brashi laini, rangi nyeusi, pitisha kwenye nywele tu zirudi. Usipoibofya utapaka weusi kwenye picha yenyewe, hilo kosa nimelifanya mpaka nimezeeka.

FundiKibo:
Bibi sikubaliani. Nywele zikirudi na ukungu wa ukuta unarudi nazo. Mimi nakata mtu kwanza kwa Select and Mask, naweka leya nyeupe chini, msitu naupa maski ileile.

BibiPikseli:
Ukikata afro kwa namna hiyo utapata mstari wa kijivu pembeni kama kisosi. Mimi naachia matawi yafunike, geuza msitu mpaka vilele viangukie kwenye nywele.

FundiKibo:
Matawi yataishia palepale nywele zilipoliwa, si anga lake nalo ni jeupe?

Mzee_wa_Lenzi:
Nimejaribu zote mbili. Ya Bibi ina ukungu kidogo juu ya sikio, ya Fundi ina kisosi kweli. Kesho namuita mteja nimpige upya, taa mbili ukutani. Naye kashasema akirudi atakuwa amenyoa.