Video yangu ya Liemba ilibamba, nataka kuirudia upya, naombeni ushauri

Kibirizi_Kamera: Habari za saa hizi wakuu. Niko Kigoma mjini. 2017 nilitengeneza video ya historia ya Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, dakika 11, ikafika watazamaji 86,000, kwa chaneli yangu ndogo ni maajabu. Tangu hapo nikiweka kitu hakifiki hata elfu mbili. Nataka niifanye upya, skripti ninayo, nabadilisha tu vya zamani. Nianzie wapi isionekane marudio? Usiku silali kwa hili.

MtotoWaUjiji: Futa ya zamani pandisha mpya, YouTube inapenda vitu vipya. Au badili kichwa na picha ya jalada imeisha hiyo.

Mzee Reli: Liemba bwana! Mimi nimeipanda kwenda Kasanga na magunia ya dagaa, tukafika Lagosa saa nane za usiku, gati hakuna, mitumbwi inakuja gizani watu wanarukia na kuku mkononi. Kuna mama alishusha kitanda kizima. Vijana wa sasa hamjui safari.

DadaKasulu: Samahani, kwa hiyo nauli sasa hivi ni shi ngapi? Nina mgeni anataka kwenda Mpulungu.

Mhariri_Mwanga: Dada hapo umemsaidia bila kujua. Kibirizi, fungua komenti za miaka ya karibuni uone kama wengi hawaulizi hivyo hivyo, halafu angalia grafu ya watu wanatoka dakika ya ngapi, niambie.

Kibirizi_Kamera: Duh kweli, wengi wanauliza inaondoka siku gani. Grafu inaporomoka dk ya 2 pale naanza kusimulia kiwanda cha Papenburg kule Ujerumani na yale makasha 5,000 yaliyoleta vipande vya meli, inapanda tena kidogo kwenye mitumbwi. Ila mimi skripti nishaanza kurekodi, naanza vilevile 1913, mwisho naongeza kwamba ilisimama 2018.

Mhariri_Mwanga: Basi hiyo ni ileile na mkia mpya. Jambo kubwa lililobadilika umelitupa dakika ya 11. Geuza: anza Lagosa usiku kama alivyosimulia Mzee, halafu sema meli iliacha kuja 2018, huyo mama na kitanda chake anapita wapi leo? Hapo swali limekuwa la watu wa mwambao, sio la chuma. Kujengwa 1913, kushushwa majini 1915, kuzamishwa 1916, kuibuliwa 1924, kurudi kazini 1927, vyote hivyo dakika moja tu, viingie pale mtazamaji anapojiuliza kwa nini inatengenezwa badala ya kununua nyingine. Ya matengenezo usichukue gazeti la mwaka juzi, nenda bandarini uulize, na kwenye video utaje mwezi uliorekodi, maana hicho ndicho kitachakaa kwanza.

Jicho_la_Tabora: Jamani mnahangaika bure. Nimetafuta hiyo video nusu saa nzima, haipo. Ya watazamaji 86,000 ingekosekana? Huyu katunga.

Mzee Reli: Hata mimi nilishangaa, mtu wa Kibirizi halafu hajui meli haina siku!

MtotoWaUjiji: 😂😂 uzi wa kuchangamsha genge huu

Kibirizi_Kamera: Sijatunga. Nimeiweka Private juzi.

Mhariri_Mwanga: Kwa nini?

Kibirizi_Kamera: Dakika ya 4 nimesema Waingereza ndio waliizamisha. Watu wananisahihisha kila wiki, nimechoka. Na mpya ikitoka hii ingeigombania watazamaji. Nadhani nilifanya sawa tu.

Mzee Reli: Wajerumani wenyewe waliizamisha! Injini wakazipaka grisi kwanza, ndio maana ilipoibuliwa zilikuwa nzima. Hilo lilikuwa la kuuliza tu vijiweni.

Mhariri_Mwanga: Irudishe Public. Masaa ya kutazamwa ya video iliyofungwa hayahesabiwi kwenye yale 4,000 ya kuomba malipo YouTube, na watu wanaotafuta Liemba wanapita mlango huo. Faili jipya huwezi kulipachika pale ukabaki na watazamaji wale wale, ila kipande kibovu unaweza kukikata kwenye YouTube Studio. Juu ya maelezo andika kosa na tarehe ya kurekebisha, mpya ikitoka pini komenti yenye linki. Na kwenye mpya likiri mwenyewe: "2017 niliwaambia Waingereza." Hakuna mwenzako mwenye mwanzo huo.

DadaKasulu: Mimi naona asikiri, watu watasema hata hii nayo ya uongo.

Kibirizi_Kamera: Na mimi naogopa hilohilo. Sauti nilishalipa studio, kurekodi tena ni hela.

Mhariri_Mwanga: Rekodi dakika mbili za mwanzo tu, nyingine chomoa kwenye uliyonayo.

Jicho_la_Tabora: Imeonekana sasa hivi. Dk ya 4 kweli, tena kwa kujiamini 😂 samahani kaka.

Kibirizi_Kamera: Usijali. Nimeifungua. Sasa hapo nikate au niache maandishi ya kusahihisha? Nikikata zile komenti zote za kunisahihisha zitaonekana hazina maana. Mzee Reli nakufuata PM, hiyo ya kitanda naihitaji.

Mzee Reli: Njoo, ila kitanda kilikuwa cha futi nne usije ukaandika sita.