Mrejesho: BI-RADS 0 kwenye ripoti yangu ya mamogramu

Niliuliza: "Ripoti ya picha ya matiti imeandikwa tishu nzito, daraja C, halafu namba ya matokeo, BI-RADS 0. Hiyo C ni hatua ya saratani? Na sifuri ina maana niko salama?"

Wadau, nimerudi. Yote mawili nilikuwa nimeyaelewa ndivyo sivyo.

Herufi haitaji ugonjwa. A ni titi ambalo karibu lote ni mafuta, D limejaa tishu nzito. Kwenye picha mafuta huwa meusi, tishu nzito nyeupe, na uvimbe nao mweupe, kwa hiyo unaweza kujificha humo. Yangu ilikuwa kama mawingu.

Sifuri, kumbe, ni kwamba picha hazijatosha kutoa uamuzi. Nikarudishwa, wakabana na kupiga picha sehemu waliyoitilia shaka tu (inauma, msidanganywe), kisha altrasaundi. Kilikuwa kifuko cha maji: cheusi tii, kingo laini. Nimepewa 2, yaani si saratani. Ingekuwa 3, uwezekano wa saratani hauzidi asilimia 2, ningepigwa picha tena baada ya miezi 6. Kuanzia 4 ndipo wanashauri kuchukua kinyama kikapimwe.