Acheni kutuambia "ikijipanga basi mti uko sawa", nimepoteza siku 3 kwa ujinga huo

Wakuu nina hasira na sifichi. Naandika mti wa AVL kwa C, mafunzo yote niliyopitia yanamaliza hivi hivi: chapisha namba kuanzia kushoto kwenda kulia, zikitoka zimepangika basi kazi imeisha. Nikaingiza 30, 10, 20, ikatoka 10 20 30. Safi kabisa! Kumbe mti umevurugika, nikaja kushtuka data zilivyokuwa nyingi na kutafuta namba moja kunachukua muda usioeleweka.

Kuzungusha nodi hakubadilishi mpangilio wa namba, ndivyo kulivyo, sasa unapimaje mzunguko kwa kitu ambacho mzunguko haukigusi?? Kilichoniokoa ni mistari hii michache, na hakuna hata mmoja aliyenionyesha mapema:

```c
void chora(Nodi *n, int kina) {
    if (!n) return;
    chora(n->kulia, kina + 1);
    printf("%*s%d\n", kina * 4, "", n->thamani);
    chora(n->kushoto, kina + 1);
}
```

Unaanza na kulia, halafu nodi yenyewe, mwisho kushoto. Mti unalala ubavu, mzizi uko ukingoni kushoto, watoto wa kulia wanakaa juu yake na wa kushoto chini. Inamisha kichwa kidogo kushoto utauona. Mimi nikaona hivi:

```
    30
        20
10
```

Mzizi ni 10 na upande wake wa kushoto hakuna kitu! Ilitakiwa 20 ikae ukingoni, 30 juu, 10 chini. Kosa lilikuwa kwamba kodi yangu inaangalia tu upande gani umezidi, ikiona kushoto inazungusha 30 kwenda kulia mara moja basi, haiulizi kama 20 imeingia kulia kwa 10. Pale ilibidi kwanza uzungushe 10 kwenda kushoto, ndipo 30 kwenda kulia. Nimeliona kwa sekunde 5 baada ya siku 3 za kukodolea pointa macho.

kodi_usiku: Pole mkuu, ila umejitesa bure. Chapisha urefu wa mti tu, ukiona namba 3 zina ngazi 3 ujue kuna shida. Kuchora ni mbwembwe.

Mleta uzi: Urefu ungeniambia kuna shida, sawa nakubali. Ungeniambia iko nodi ipi? Mti wa namba 40 urefu umezidi kwa 1, unaanzia wapi sasa?

mtaka_kujua: Kwani si kuna amri ya `tree`, inachora mafolda yote vizuri tu, kwa nini uandike ya kwako

Mleta uzi: Hiyo ni ya mafaili ndugu yangu. Mimi nodi zangu ziko kwenye memori.

bi_pointa: Mleta uzi yuko sahihi, ila weka kikomo kwenye hiyo fankisheni kabla haijakuangusha. Wanafunzi wangu wengi wakizungusha kushoto wanaandika hivi:

```c
y->kushoto = x;
x->kulia = y->kushoto;
```

Mstari wa pili unasoma kitu ambacho wa kwanza umeshakibadilisha, kwa hiyo x anakuwa mtoto wa kulia wa yeye mwenyewe. Ukichora hapo, ikifika kwa x haitoki tena hata herufi moja, kwa sababu inakimbilia kulia bila mwisho mpaka programu inakufa. Ongeza `if (kina > 20) return;` utaona namba ileile imejipanga kama ngazi mstari kwa mstari, hapo umeshajua nani wa kumkamata. Na chora kabla na baada ya kila kuingiza, msingoje mwisho.

Mleta uzi: Hii ya kikomo naiweka leo leo. Asante sana dada.

juma_c: Mimi wangu ukichorwa unapendeza kila siku, lakini nikifuta nodi programu inaanguka. Nodi zangu zina pointa ya mzazi. Kwa hiyo hiki kimchoro nacho kinadanganya??

bi_pointa: Hakidanganyi, hakijaisoma kabisa hiyo pointa, kinashuka tu. Andika namba ya mzazi pembeni ya kila nodi kisha linganisha na ulichokiona. Kwenye kuzungusha kuna nodi 3 za kurekebishiwa mzazi, na wengi wanamsahau yule mtoto wa katikati anayehamishwa.

juma_c: Nimeandika. Wa katikati yuko sawa, ila mzizi unaonyesha una mzazi na ni 10. Na inatokea nikifuta tu, nikiingiza haitokei.

kodi_usiku: Tupia hiyo kodi ya kufuta tuione.