Ukuta wa krimu uwe buluu hafifu kwenye picha ya maombi, mtu asiguswe: naomba ushauri

picha_ya_fomu
Wakuu, salaam. Nina picha ya maombi iliyopigwa mbele ya ukuta wa krimu usio na kitu. Fomu inataka nyuma pawe na rangi moja tu, buluu hafifu #ADD8E6, na imesema wazi kwamba sura isibadilishwe. Natumia GIMP 2.10. Nikiuchagua ukuta kwa Fuzzy Select na kumwaga rangi, mabegani panatoka safi, ila kichwani inabaki kama taji ya manjano kuzunguka nywele. Ni nywele fupi za asili, nyuzi zimesimama. Nifanyeje nisizikate?

Kipanga77
Threshold yako iko chini, mkuu. Ipandishe hadi 40 hivi, kisha Select > Feather, weka pikseli 5, ndipo umwage rangi. Kingo zitalainika.

mama_leya
Kipanga, mabegani hiyo inaweza kupita, ingawa hata huko pikseli 1 inatosha. 5 zinaleta ukungu. Kwenye nywele haitamsaidia. Tuangalie pikseli moja tu pembeni mwa nywele. Tuseme ukuta ni 222, 214, 196 na unywele wenyewe ni 30, 25, 20. Pale unywele unapofunika nusu ya pikseli, kamera imechanganya vyote viwili ikaandika 126, 120, 108. Mbele ya ukuta wa krimu hakuna anayeiona. Ukimwaga buluu nyuma yake, pikseli hiyo ilitakiwa iwe karibu na 101, 120, 125. Wewe umeiacha kwenye 126, 120, 108: nyekundu imezidi, buluu imepungua. Hiyo ndiyo taji yako ya manjano. Ukipandisha Threshold unaimeza pikseli nzima pamoja na unywele uliomo, na feather inaipaka ukungu tu. Kinachotakiwa ni kuutoa ukuta ndani ya mchanganyiko na kuubakiza unywele, na kazi hiyo inafanywa na Color to Alpha.

Fanya hivi. Nakili leya ya picha mara mbili, ziwe tatu. Ya chini kabisa ijaze #ADD8E6 yote. Ya kati iongezee Layer > Transparency > Add Alpha Channel, kisha Colors > Color to Alpha, na rangi uichukue kwenye picha yenyewe, ukutani karibu na nywele, si kwenye kona ya picha. Ya juu usiiguse kabisa. Ipe tu maski nyeusi kwa Layer > Mask > Add Layer Mask > Black (full transparency).

Sasa utamwona mtu ameingiwa na buluu mwilini. Usishtuke, ngozi na shati vina rangi kidogo inayofanana na ukuta, kwa hiyo navyo vimefanywa viangavu. Chukua brashi, rangi nyeupe, upake kwenye maski ya leya ya juu kumrudisha mtu. Kwenye nywele ishia pale zilipo nzito, nyuzi za pembeni ziachie leya ya kati. Mabegani paka hadi ukingoni kwa brashi ngumu. Pa kuangalia sana ni masikio na mashavu: kuza picha hadi 400% na uache pikseli moja au mbili tu. Ukiacha nafasi kubwa, sikio linakuwa la buluu.

picha_ya_fomu
Dada, upande wa kushoto umetoka kama ulivyosema, nyuzi zote zipo na taji haipo tena. Ila upande wa kulia buluu imefifia, kuna kama moshi wa kijivu. Nimepima ukuta: kushoto 226, 218, 201, kulia 205, 197, 180.

mama_leya
Mwanga ulitoka kushoto. Umechukua rangi ya kushoto, basi kwa programu ukuta wa kulia ni ukuta uliofunikwa na kitu cheusi chembamba, na hicho cheusi ndicho kilichobaki. Rudisha leya ya kati ilivyokuwa. Chagua nusu ya kushoto kwa Rectangle Select, mstari upite katikati ya kichwa, fanya Color to Alpha kwa rangi ya kushoto. Geuza uchaguzi kwa Select > Invert, rudia kwa rangi ya kulia. Masalia madogo yaondoe kwa Transparency threshold, ukiipandisha kidogo kidogo huku macho yako yakiwa kwenye nyuzi, si kwenye ukuta. Nyuzi nyembamba zikianza kupotea, umeshapita, rudi nyuma.

Shati_Jeupe
Na mimi shati langu ni jeupe na fomu yangu inataka nyuma peupe, shati halionekani linaishia wapi. Naweza kulifanya shati liwe la buluu kwa njia hii?

Kipanga77
Hapo umetoka nje ya mada, ndugu. Shati ni sehemu ya mtu. Vaa la rangi nyingine upige picha upya.

rangi_sahihi
Kuna kitu hakijatajwa. Kama picha imetoka kwenye simu, angalia profaili yake ya rangi kabla ya yote. Simu kadhaa zinahifadhi kwa Display P3. Ukijaza #ADD8E6 ndani ya profaili hiyo, namba ni zilezile lakini rangi si ileile, na ukaguzi wa mtandaoni unaweza kuitupa profaili au kuibadilisha. Anza na Image > Color Management > Convert to Color Profile, chagua sRGB, ndipo unakili leya. Wakati wa kutoa JPEG weka Subsampling kwenye 4:4:4, kwa sababu chini ya hapo rangi inahifadhiwa kwa vipande vikubwa kuliko pikseli, na buluu inamwagikia ukingo wa shavu. Ukilazimika kupunguza uzito wa faili, punguza vipimo vya picha hadi vile vinavyotakiwa na fomu kwanza, kisha ndipo ushushe Quality.

mama_leya
Nimeipokea hiyo ya profaili, ilitakiwa iwe hatua ya kwanza. Na kabla ya kutoa JPEG, thibitisha mtu hajaguswa. Nakili picha ya awali, ambayo nayo umeshaigeuza kuwa sRGB, iweke juu ya zote na Mode iwe Difference. Popote palipo sawa panakuwa peusi tii. Uso, shingo na nguo viwe vyeusi vyote. Mwanga uonekane ukutani na kwenye nyuzi za pembeni tu. Ukiona doa la mwanga shavuni, maski ina tundu hapo.

Kipanga77
Sawa, hiyo Difference nimeipenda. Ila mimi nyuzi mbili tatu zilizoruka juu ningezifuta tu, nani atajua?

rangi_sahihi
Kufuta unywele ni kumbadilisha mtu, hata kama ni mmoja. Tena kuna fomu zinazokataza kuhariri picha kwa namna yoyote, hata nyuma yake, kwa hiyo asome tena maelezo ya fomu yake kabla ya kutuma.

mama_leya
Kisheria sijui mpaka uko wapi. Kiufundi hahitaji kuzifuta, zinatoka vizuri.

picha_ya_fomu
Fomu inasema "mandhari ya nyuma inaweza kurekebishwa", nimesoma mara mbili. Nimegawa nusu mbili, moshi umekwisha. Difference imenionyesha tundu moja chini ya sikio la kulia, nimepaka. Sasa kimebaki kitu kimoja: hereni ni ya duara, na ndani ya duara bado kuna krimu.

mama_leya
Maski yako imefunika tundu la hereni. Paka nyeusi hapo ndani kwa brashi ndogo, leya ya kati itafanya mengine.